Meneja anapokataa kung'oa mibuni mikongwe

Mwenye shamba akiuliza kwa nini kipande fulani cha kahawa hakijapandwa upya, jibu atakalopewa na meneja wake huwa linaingia akilini. Mvua za mwaka huu hazitabiriki. Bei ya mnadani imepanda, kwa hiyo si wakati wa kung'oa. Mwaka uliopita nako bei ilikuwa imeshuka, na hela ya kung'olea haikuwepo. Ukiyachukua moja moja, yote ni majibu ya kweli. Ukiyapanga pamoja unagundua kwamba hakuna mwaka unaofaa, na kwamba kila mwaka mibuni inaongeza umri.

Wenye mashamba wengi hudhani hapo wamepata meneja mvivu au mwoga. Nimefanya hesabu za makampuni upande huu wa Moshi kwa muda wa kutosha kusema kwamba mara nyingi si uvivu wala uoga. Meneja anajua hesabu vizuri, na amepiga ile iliyo kwenye mkataba wake wa ajira. Tatizo ni kwamba mkataba huo unapima kitu kimoja na mwenye shamba anataka kingine.

Tuchukue shamba la mfano. Ni la kubuni, lakini mambo yake ni ya kawaida ukanda wa Machame na Kibosho. Lina kipande cha hekta 10 chenye mibuni ya zamani iliyopandwa futi 9 kwa 9, yaani takribani miti 1,330 kwa hekta. Miti ni ya aina za kale ambazo chulebuni na kutu ya majani huzishambulia sana, kwa hiyo bajeti ya dawa haipungui. Ukitoa gharama za dawa, mbolea, kupalilia na wachumaji, kipande hiki bado kinaleta shilingi milioni 30 taslimu kwa mwaka. Kumbuka kwamba ni kipande kinachozalisha; kingekuwa kimekufa, uamuzi ungekuwa rahisi.

Pendekezo ni kung'oa yote na kupanda aina fupi zinazostahimili magonjwa hayo, kama zile zilizotoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu. Kung'oa, kuchimba mashimo, miche, kivuli na mipira ya umwagiliaji vitagharimu milioni 120. Miaka miwili ya kwanza hakuna mavuno. Mwaka wa tatu kipande kinaleta milioni 50, na kuanzia wa nne hadi wa kumi na mbili kinaleta milioni 90 kila mwaka. Ili hesabu isitukimbie, tuchukulie kwamba milioni 120 zote zinalipwa mwanzoni na kwamba bei haibadiliki.

Ulinganisho wa haki ni kati ya kupanda upya na kuendelea na mibuni mikongwe. Kwa hiyo mwanzoni tunatoa 120. Miaka miwili tunakosa milioni 30 kila mwaka. Mwaka wa tatu tunapata ziada ya 20, halafu miaka tisa ya ziada ya 60. Hela ya mbele haina uzito wa hela ya leo. Kama mtaji wa shamba unagharimu asilimia 15 kwa mwaka, basi shilingi 115 za mwakani ni sawa na shilingi 100 za leo. Ukizirudisha hela zote leo kwa kiwango hicho kisha ukajumlisha, inabaki chanya ya milioni 33 kwa kukadiria. Hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa ya mradi. Mwenye shamba akipanda upya anatajirika kwa milioni 33, hata baada ya kulipa gharama yote ya mtaji na kuvumilia miaka miwili mikavu.

Sasa tuhamie kwenye kiti cha meneja. Mkataba wake ni wa miaka mitatu, na bonasi yake ni asilimia 5 ya faida ya shamba zima kama inavyoonekana kwenye hesabu za mwaka. Kwa kawaida shamba linatangaza faida ya milioni 210, kwa hiyo bonasi ni milioni 10.5. Je, kupanda upya kunaifanya nini faida hiyo?

Wengi hukisia kwamba kinachomtisha ni zile milioni 120. Sivyo. Hesabu za Tanzania hufuata viwango vya kimataifa, na tangu marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2016, mmea unaozaa kwa miaka mingi kama mbuni unahesabiwa chini ya IAS 16, sawa na mtambo unaojengwa. Gharama ya kuupanda inawekwa kwenye mizania, na uchakavu wake unaanza kukatwa pale mmea unapokuwa tayari kuzaa. Kwa maana hiyo milioni 120 hazigusi faida ya miaka miwili ya kwanza.

Kinachogusa faida ni mambo mawili. La kwanza ni mapato yaliyong'olewa pamoja na miti. La pili ndilo linalowakera mameneja kuliko yote: mibuni mikongwe bado ina thamani vitabuni. Tuseme imebakiza milioni 18, inayopungua kwa milioni 6 kila mwaka kwa miaka mitatu. Siku miti inapong'olewa, mhasibu analazimika kuifuta hiyo 18 yote mara moja kama hasara. Hakuna hata senti iliyotoka. Ni hela iliyotumika miaka mingi iliyopita, na kwa uamuzi wa leo haina maana yoyote. Lakini kwenye ripoti inasimama kama hasara ya mwaka huu, chini ya jina la meneja huyu.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza faida ya shamba inashuka kwa milioni 42: ile 24 ambayo kipande kingeonyesha baada ya uchakavu, pamoja na 18 iliyofutwa. Mwaka wa pili inashuka kwa 24. Mwaka wa tatu miti mipya inaleta 50, unatoa uchakavu wa 12, na faida inakuwa juu kwa 14 kuliko ambavyo ingekuwa. Jumla ya miaka mitatu ya mkataba ni hasi 52. Kuanzia mwaka wa nne faida inakuwa juu kwa 48 kila mwaka, na kufikia hapo ofisi ina mtu mwingine.

Kama bonasi inahesabiwa kuanzia shilingi ya kwanza, meneja anapoteza asilimia 5 ya 52, yaani milioni 2.6 kwa miaka mitatu. Inauma, ila mtu anayelipenda shamba anaweza kuivumilia. Mikataba mingi haiishii hapo. Huwa ina kizingiti: faida isipofika milioni 200, hakuna bonasi kabisa. Mwaka wa kwanza wa kupanda upya faida ni 168, wa pili ni 186. Miaka yote miwili anaondoka mikono mitupu, na mwaka wa tatu anaongezewa laki 7 tu. Gharama yake binafsi inatoka milioni 2.6 na kufika 20.3. Mradi ni uleule na miti ni ileile, kilichoongezeka ni sentensi moja kwenye mkataba. Ukiniuliza pa kuanzia kurekebisha, nitakuambia anza na kizingiti, kwa sababu kukiondoa hakuhitaji mtaalamu wala hakuna gharama. Bonasi iwe mstari ulionyooka.

Kizingiti kinafanya ubaya mwingine usioonekana kwenye miradi mikubwa. Mwaka wa fedha wa mashamba mengi hufungwa tarehe 30 Juni. Mbolea ya masika inatiwa kati ya Machi na Mei, wakati punje zinajaa, na uchumaji wa Kilimanjaro huanza Julai na kuendelea hadi karibu mwisho wa mwaka. Meneja aliye kwenye milioni 196 mwezi wa Aprili anajua namna ya kuifikisha 200 Juni: apunguze mifuko ya mbolea. Gharama inashuka kwenye vitabu vya mwaka huu, na punje nyepesi zitaonekana kwenye vitabu vya mwaka ujao. Niliwahi kumsikia nyapara mmoja akimwambia bosi wake, kwa heshima zote, "Mzee, hii miti haijui Juni." Bosi alicheka, na mbolea haikuletwa.

Wala hili si la mashamba yetu peke yake. Mwaka 2005 watafiti John Graham, Campbell Harvey na Shiva Rajgopal walichapisha matokeo ya kuwahoji maofisa fedha zaidi ya 400 wa makampuni ya Marekani. Takribani asilimia 80 walisema wangepunguza matumizi kama utafiti, matangazo na matengenezo ili kufikia lengo la faida. Asilimia 55 walisema wangechelewesha kuanza mradi mpya hata kama kuchelewesha kunapoteza thamani kidogo. Kilichonivutia ni kwamba walikiri bila kuona haya. Kwao hiyo ilikuwa sehemu ya kazi.

Ugumu wa kuligundua jambo hili ni kwamba mradi mzuri ni nadra ukataliwe mezani. Hauletwi. Bodi inakaa, inapitia mapendekezo matatu, yote yanarudisha hela ndani ya miaka miwili, inayapitisha na kuondoka ikiridhika. Kwa hiyo usitafute dalili kwenye mihutasari ya vikao. Tafuta kwenye umri wa miti: chukua ramani ya shamba, andika mwaka wa kupandwa kwa kila kipande, uone ni lini mara ya mwisho jambo lilifanyika. Kwenye vitabu, angalia jumla ya uchakavu uliokwisha kukatwa ukilinganisha na gharama ya awali ya mali. Uwiano huo ukipanda mwaka hadi mwaka huku faida ikitangazwa nono, shamba linajila lenyewe. Na angalia matumizi ya mbolea na matengenezo mwezi kwa mwezi. Yakinywea kila Mei na Juni, umeshapata jibu.

Dawa ya kwanza ambayo washauri wa fedha huitoa ni kumtoza meneja gharama ya mtaji: bonasi isihesabiwe kwenye faida tupu bali kwenye kile kinachobaki baada ya kukata, hapa kwetu, asilimia 15 ya mtaji anaoutumia. Wazo lina mzizi imara. Gabriel Preinreich miaka ya 1930, na baadaye Wolfgang Lücke mwaka 1955, walionyesha kwamba ukirudisha leo faida-baki za miaka yote ya mradi na kuzijumlisha, unapata thamani halisi ya sasa ileile, hata ukikata uchakavu kwa mtindo gani. Kwa mwenye shamba anayekaa miaka yote 12, kipimo hiki hakidanganyi.

Lakini meneja anakaa mitatu. Kwake yeye, ukiongeza tozo ya asilimia 15 ya milioni 120, umemuongezea mzigo wa 18 kila mwaka kwenye miaka ileile aliyokuwa anaumia. Jumla ya miaka yote inakuwa sahihi, huku mgawanyo wake kwa miaka ukizidi kuharibika. Hapa ndipo mashamba yaliyojaribu njia hii hukata tamaa na kurudi kwenye faida ya kawaida.

Kipande kilichokosekana kililetwa mwaka 1997 na mchumi William Rogerson. Alisema kwamba kama uchakavu wowote unatoa jumla sahihi, basi tuna uhuru wa kuchagua ule unaogawanya vizuri. Gharama ya mradi, pamoja na riba yake, itozwe kila mwaka kwa uwiano na manufaa yanayotarajiwa mwaka huo. Mwaka usio na mavuno usitozwe. Mwaka wa mavuno nusu utozwe nusu.

Tuifanye kwa kipande chetu. Tunafungua daftari la ndani, tofauti na hesabu zinazokwenda kwa mkaguzi na TRA. Humo tunaandika 120 za mwanzo na kuzikuza kwa asilimia 15 kwa miaka miwili. Tunaongeza pia milioni 30 zilizokosekana kila mwaka, kwa sababu nazo ni uwekezaji, ingawa hazikutoka mfukoni. Ile 18 iliyofutwa hatuigusi; haihusiki. Mwisho wa mwaka wa pili daftari linasoma milioni 223.2. Wakati huohuo, ziada zote zinazotarajiwa kuanzia mwaka wa tatu, zikirudishwa kwenye tarehe hiyohiyo, zina thamani ya milioni 266.3. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata asilimia 83.8.

Kuanzia hapo kila mwaka kipande kinatozwa asilimia 83.8 ya ziada iliyotarajiwa. Mwaka wa tatu ziada ni 20, tozo ni 16.8, linabaki 3.2. Kuanzia mwaka wa nne ziada ni 60, tozo ni 50.3, linabaki 9.7. Miaka miwili ya kwanza, kwa kipimo cha bonasi, ni kana kwamba kipande hakijaguswa: meneja anahesabiwa mapato ya mibuni mikongwe kama vile bado imesimama, na daftari linabeba pengo.

Hakuna mwaka ulio hasi. Huo ndio uzuri wake. Meneja anayeondoka baada ya miaka mitatu na yule anayetaka kuzeekea shambani wote wanaona alama moja: chanya. Na kama mradi ungekuwa mbovu, uwiano ungezidi asilimia 100 na kila mwaka wa mavuno ungekuwa hasi, kwa hiyo wote wawili wangeukataa. Mwenye shamba hana haja ya kujua meneja ana subira kiasi gani, wala anapanga kuhama lini.

Ni kweli kwamba 3.2 ni kidogo, na asilimia 5 yake ni laki 1 na elfu 60. Hakuna atakayekimbilia kung'oa miti kwa hela hiyo. Ila kuondoa adhabu ni kazi tofauti na kutoa motisha, na ukishaondoa adhabu ndipo vitu vingine vinaanza kufanya kazi: heshima ya taaluma, sifa ya meneja kwa waajiri wengine, au kipengele kinachomlipa sehemu ya bonasi mwaka mmoja au miwili baada ya kuondoka kulingana na miti aliyoiacha. Makampuni yaliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Dar es Salaam yanaweza kutumia hisa zenye kufungwa kwa miaka kadhaa. Shamba la familia halina hisa za kugawa, kwa hiyo bonasi iliyocheleweshwa ndiyo njia yake.

Sasa, daftari hili lina mlango wa nyuma. Anayekadiria manufaa ndiye anayeamua tozo iangukie wapi. Meneja akiachiwa kalamu, ataandika kwamba mavuno makubwa yatakuja mwaka wa nane na kuendelea, na tozo zote zitamfuata mrithi wake. Kwa hiyo mchoro wa mavuno usitoke kwake. Utoke kwa bwana shamba wa nje au kwenye takwimu za aina ya miche husika, bodi iupitishe kabla ya kung'oa mti wa kwanza, kisha usiguswe. Bei nayo ifungwe kwa ajili ya kipimo hiki. Meneja haamui bei ya mnadani Moshi, na ukimwacha avune mwaka wa bei nzuri na kulia mwaka wa bei mbaya, unapima bahati.

Kuna jambo jingine ambalo wenye mashamba hulisahau wanapomlaumu meneja. Nilitumia asilimia 15. Ukitumia 20, mradi huuhuu unageuka hasi kwa milioni 14 hivi. Shamba lenye mkopo wa bei hiyo benki, au ambalo benki imeliwekea sharti la faida ya chini kila mwaka, lina sababu halali ya kusubiri, au ya kupanda upya hekta 2 kwa mwaka badala ya 10 kwa mkupuo. Kwa hiyo kabla ya kusema meneja amekataa mradi wenye thamani, bodi iandike kiwango chake cha mtaji kwenye karatasi. Bodi nyingi hazijawahi kukiandika, na kila mjumbe ana chake kichwani.

Linabaki swali la mwaka wa tano, ambalo halina jibu safi. Mrithi amekuta tozo ya milioni 50.3 ikimsubiri kila mwaka, kwa miti ambayo hakuichagua. Tuseme ukame umeua theluthi ya miche, au mtangulizi alinunua miche hafifu. Atakuja kwa bodi na kuomba tozo ipunguzwe, na hoja yake itakuwa ya haki. Bodi ikikubali, kila meneja atajifunza kwamba tozo inajadilika, na atakayepanda leo atajua makosa yake yatafutwa na mwingine. Bodi ikikataa, haitapata mtu makini wa kukubali kazi. Ninachowashauri wateja wangu ni kumaliza jambo hilo siku ya makabidhiano, kabla ya mkataba mpya kusainiwa: miti ihesabiwe safu kwa safu na watu wa nje, upungufu uliopo ukatwe kwenye bonasi iliyocheleweshwa ya anayeondoka, tozo ipangwe upya mara hiyo moja, na idadi ya miti ibandikwe kama kiambatisho cha mkataba wa anayeingia.